Tangazo la kipindi mubashara lilitaja saa za kila mji, na bado wasikilizaji wakapotea. Tulikosea wapi?

Mwanapangani (Jumatatu, 28 Oktoba 2024)

Wakuu, habari za asubuhi.

Mimi ni mtayarishaji wa vipindi kwenye redio ndogo mkoani Tanga. Masafa yetu ya FM hayafiki mbali, lakini tangu tuanze kurusha mtandaoni tumepata wasikilizaji hadi Lubumbashi, Maskati na London. Jana Jumapili tulikuwa na kipindi maalumu cha saa nzima, mubashara, wasikilizaji wanapiga simu kusimulia asili ya majina ya mitaa na vijiji walikozaliwa. Kilianza saa 2:00 usiku kwa saa zetu. Sehemu ya pili ni Jumapili ijayo, tarehe 3 Novemba.

Tangazo nililiandika mwenyewe mwanzoni mwa mwezi, tukalirekodi na kulirusha karibu wiki tatu. Lilisomwa hivi:

"Usikose, usiku wa Jumapili tarehe ishirini na saba, mubashara, saa mbili kamili kwa saa za Afrika Mashariki. Burundi, Rwanda na mashariki mwa Kongo ni saa moja usiku. Kinshasa ni saa kumi na mbili jioni. Ndugu zetu wa Ghuba ni saa tatu usiku. London ni saa kumi na mbili jioni. Ujerumani ni saa moja usiku. New York na Toronto ni saa saba mchana."

Nilihesabu kila kanda na kila mji kwa mkono, nikamwomba mwenzangu ahakiki. Lakini tangu jana nimepokea ujumbe kutoka kwa watu waliofungua redio wakakuta muziki au wakatukuta tunaaga. Wa London karibu wote walichelewa. Yupo aliyetafuta kipindi Jumamosi. Na yupo wa Lubumbashi aliyeamka usiku wa manane kututafuta, hilo limeniumiza kuliko yote.

Ninaowaza hapa ni wale wazee waliojiandaa wiki nzima na simulizi zao, halafu hawakupata nafasi ya kuzisema. Naomba mwenye uzoefu anioneshe makosa yalipo kabla sijaandika la Jumapili ijayo.

---

KijanaWaKasulu

Mkuu, mbona Tanzania nzima saa ni moja? Iwe Kanda ya Ziwa, Kanda ya Kaskazini au huku kwetu magharibi, saa mbili ni saa mbili. Kanda hazihitaji kutajiwa saa tofauti.

Ila kuna jambo moja la redio na saa linalotuhusu sisi wa Kigoma. Mwezi wa Ramadhani watu wa huku wanasikiliza redio za Dar es Salaam. Inapigwa adhana ya Magharibi kule, mtu wa hapa asiyejua anafuturu wakati jua bado analiona juu ya ziwa. Tofauti inakaribia dakika 40. Mtangazaji akisema "kwa Dar es Salaam na maeneo ya jirani" huwa tunashukuru, lakini wengine hawasemi.

---

Mwanapangani

Ndugu yangu wa Kasulu, ninaposema kanda nina maana ya kanda za saa za dunia, siyo kanda zetu za nchi. Lakini umenifungua macho kwa hilo la futari. Tanga na Kigoma saa ya ukutani ni moja, jua ni mbali. Nitalipeleka kwa mwenzetu wa vipindi vya dini.

---

NipoLeeds

Mimi nipo Uingereza mwaka wa sita. Kosa lenu ni kutaja miji mingi. Tajeni GMT peke yake, kila mtu ajihesabie. Saa mbili usiku ya Tanga ni saa 17:00 GMT, na London ni GMT daima, kwa hiyo ni saa kumi na moja jioni. Nyinyi mlisema saa kumi na mbili. Hapo ndipo mlipokosea hesabu.

---

MzeeWaMawimbi

Ndugu wa Leeds, jibu lako ni sahihi kwa jana, lakini sababu uliyoitoa siyo. London haiko GMT mwaka mzima. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zao zinakuwa mbele kwa dakika sitini. Saa mbili usiku ya Tanga ilikuwa saa kumi na mbili jioni London mpaka juzi Jumamosi. Mwanapangani alipoandika tangazo lake mwanzoni mwa Oktoba hakukosea hesabu. Alihesabu vizuri kwa siku aliyokuwa ameketi kuandika, na kipindi kikaja kurushwa siku nyingine.

Jana tarehe 27 Oktoba ndiyo siku yenyewe Ulaya waliporudisha saa nyuma, saa 01:00 GMT, nchi zote kwa pamoja. Kwa hiyo jana London ilikuwa saa kumi na moja jioni na Ujerumani saa kumi na mbili jioni. Aliyelifuata tangazo akiwa London alifungua redio saa kumi na mbili yake, nanyi mnaaga.

Nimefanya kazi ya kupanga vipindi vya masafa mafupi kwa miaka mingi kabla ya kustaafu. Kwetu tarehe hizi mbili hazikuweza kusahaulika, kwa sababu ratiba ya masafa ya dunia nzima nayo inabadilika siku hizo hizo. Msimu wa A unaanza Jumapili ya mwisho ya Machi, msimu wa B Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Jana imeanza B24. Mtu wa masafa mafupi akiona Oktoba inaisha anajua kila karatasi iliyo ukutani inapaswa kuandikwa upya. Redio za mtandaoni hazina kazi hiyo ya kugombania masafa, na nadhani ndiyo maana vijana wengi tarehe hiyo inawapita bila kuiona.

Kanuni tuliyokuwa tukiifuata ni hii: saa inahesabiwa kwa tarehe ya kipindi, haihesabiwi kwa tarehe ya kuandika. Tulikuwa na karatasi moja tu ya UTC, na saa za miji zilijazwa wiki hiyo hiyo ya kurusha.

---

NipoLeeds

Nimekuelewa mzee wangu, shikamoo. Nimeangalia simu yangu, kweli wakati wa kiangazi inaandika BST. Nilikuwa nikiita yote GMT.

---

BintiWaDoha

Jamani, mimi nina la kwangu. Nafanya kazi za ndani hapa Doha, na Jumapili usiku ndio nina nafasi. Tangazo lilisema ndugu zetu wa Ghuba ni saa tatu usiku. Nikasubiri saa tatu. Nikafungua, kimya, muziki. Mama yangu kule Muheza ananipigia ananiambia kipindi kimeisha, na mjomba ametajwa hewani!

Qatar saa ni sawa na nyumbani kabisa. Nikimpigia mama saa mbili, kwake saa mbili.

---

MzeeWaMawimbi

Pole sana binti. Hilo ni kosa la pili, na halihusiani na Ulaya. Neno "Ghuba" haliwezi kutumika kama jina la saa. Saudia, Kuwait, Bahrain na Qatar wana saa sawa na sisi, na hawabadilishi. Falme za Kiarabu na Oman ndio walio mbele kwa dakika sitini. Mwanapangani aliwaza Maskati, akaandika Ghuba. Jamaa zetu wengi wako Riyadh na Doha siku hizi.

---

Mwanapangani

Binti wa Doha, nisamehe sana. Ni kweli niliwaza Maskati kwa sababu barua nyingi tunazopata zinatoka huko, nikawajumlisha wote. Jumapili ijayo nitakupigia mimi mwenyewe dakika tano kabla ya kipindi, umtaje mjomba kwa kinywa chako.

---

UmmuSalim_Maskati

Assalamu alaykum. Sisi wa Maskati saa tatu ilikuwa sahihi, nilisikiliza mwanzo hadi mwisho. Lakini mama yangu, aliyezaliwa Pemba na kuja huku akiwa mtu mzima, ndiye huenda mmoja wa hao waliotafuta kipindi Jumamosi.

Mmesema "usiku wa Jumapili". Kwa mama usiku wa Jumapili ni ule unaoamkia Jumapili, yaani Jumamosi baada ya Magharibi. Siku inaanza jua likizama. Ndivyo anavyosema usiku wa Ijumaa, na hakuna mtu nyumbani kwetu anayedhani anakusudia Ijumaa ikishapita mchana wake. Mimi na wanangu tukisema usiku wa Jumapili tunakusudia Jumapili yenyewe. Tuko nyumba moja na tunagombana kwa hilo.

Mama aliketi Jumamosi na chai yake akisubiri. Nikamwambia mama ni kesho, akaniambia tangazo limesema usiku wa Jumapili, na mtangazaji ni mtu wa pwani, anajua anachosema.

---

Mwanapangani

Wa alaykumu ssalam bibi. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Bibi yangu mzaa baba alikuwa anasema hivyo hivyo, na bado niliandika nilivyoandika. Mama yako amenisoma sawasawa, kosa ni langu.

Nadhani dawa ni kusema "Jumapili, mchana ukishaisha, saa mbili usiku", au "Jumapili usiku, kuamkia Jumatatu". Unaonaje?

---

UmmuSalim_Maskati

"Jumapili usiku, kuamkia Jumatatu" anaielewa mama na wanaielewa wajukuu zake. Semeni hivyo.

---

Papa_Kenya_Lushi

Bandugu, jambo yenu. Nitajaribu kuandika Kiswahili cha kwenu mnielewe. Mtaa wangu hapa Lubumbashi unaitwa Kenya, ndiyo sababu ya jina langu, msifikiri niko Nairobi.

Miye ndiye yule aliyeamka usiku. Tangazo lilisema mashariki mwa Kongo ni saa moja usiku. Huku kwetu wengi tunahesabu saa kama Wafaransa. Saa moja usiku ni saa moja kisha usiku wa manane, une heure. Ile yenu ya saa moja usiku, huku ni saa kumi na tisa. Niliweka simu iniamshe, nikaamka, bibi yangu akauliza unaenda wapi, nikasema nasikiliza Tanga. Kulikuwa nyimbo tu.

Sina hasira. Kiswahili yenu nzuri. Lakini saa ile hapana.

---

Mwanapangani

Papa, naomba radhi. Hilo sikulijua kabisa. Nilidhani ukisema Kiswahili, saa inahesabiwa kuanzia alfajiri popote ulipo.

---

MwalimuBuja

Nipo Bujumbura. Sisi Warundi tunahesabu kama nyinyi, hata kwa Kirundi. Saa mbili za usiku ni saa mbili za usiku, na Kinyarwanda ni vilevile. Tofauti yetu na Tanga ni hiyo dakika sitini tu. Kwa hiyo mlipotuweka Burundi, Rwanda na Kongo kwenye sentensi moja, sentensi ilikuwa sahihi kwangu na siyo sahihi kwa ndugu wa Lubumbashi, ingawa mishale ya saa zetu inaonesha kitu kimoja.

Nina ndugu Uvira, ng'ambo tu ya mpaka. Wao wanachanganya. Akiongea nami anasema saa mbili usiku, akiongea na mtu wa ofisini anasema saa ishirini. Sijui tangazo limfuate yupi.

---

Papa_Kenya_Lushi

Ni kweli. Goma na Bukavu siwezi kusema kwa niaba yao. Lubumbashi najua. Kama mtangazaji akisema "saa kumi na tisa", sisi tunaelewa mara moja.

---

Mwanapangani

Lakini nikisema saa kumi na tisa hewani, msikilizaji wangu wa Handeni atadhani nimeteleza ulimi. Hatuna saa kumi na tisa.

---

FundiMitambo_TZ

Wakuu, upande wa hesabu msiumize vichwa. Mwenye kompyuta ya Linux aandike hivi, atapata saa ya kila mji kwa tarehe yenyewe ya kipindi, na mabadiliko ya Ulaya na Marekani yamo ndani tayari:

```
for z in Africa/Lubumbashi Africa/Kinshasa Asia/Qatar Asia/Muscat Europe/London Europe/Berlin America/New_York; do
  TZ=$z date -d '2024-10-27 20:00 +0300' "+$z %a %H:%M"
done
```

Mimi nimeiendesha sasa hivi. Lubumbashi 19:00, Kinshasa 18:00, Qatar 20:00, Muscat 21:00, London 17:00, Berlin 18:00, New York 13:00. Kupata saa ya Kiswahili unatoa sita, na ukizidi kumi na mbili unatoa tena kumi na mbili. 17 toa 6 ni kumi na moja jioni. 19 toa 6 ni kumi na tatu, yaani saa moja usiku.

Muhimu ni hiyo +0300 pale katikati. Ukiiacha, kompyuta itadhani saa 20:00 ni ya huo mji wenyewe, na kila mji utakujibu 20:00. Nimeshamwona mtu akishangaa kwamba dunia nzima ina saa moja.

---

Mwanapangani

Ahsante sana fundi. Kwa kuwa mashine yangu ni ya ofisini, nitaomba kijana wetu wa mitambo aiendeshe. Nimeandika rasimu ya Jumapili ijayo kwa kufuata mliyosema:

"Jumapili usiku, kuamkia Jumatatu, tarehe tatu Novemba, mubashara, saa mbili kamili kwa saa za Afrika Mashariki. Riyadh na Doha ni saa mbili hiyo hiyo. Maskati na Dubai saa tatu usiku. Burundi na Rwanda saa moja usiku. London saa kumi na moja jioni. Ujerumani saa kumi na mbili jioni. Kinshasa saa kumi na mbili jioni. New York na Toronto saa saba mchana."

Lubumbashi bado natafuta neno.

---

MamaWawili_Toronto

Dada yenu niko Kanada. Jana nilikuwa nanyi tangu dakika ya kwanza, saa saba mchana ilikuwa sahihi, na nilipiga simu nikapokelewa. Lakini rasimu hii ina kosa. Huku saa zinarudi nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba, ambayo ni hiyo hiyo tarehe 3. Tunarudisha usiku wake. Kwa hiyo kipindi kitakuwa saa sita mchana Toronto na New York. Ndugu zetu wa Minneapolis watakuwa saa tano asubuhi.

Kila mwaka kuna wiki moja hivi mwezi wa Oktoba, na mbili au tatu mwezi wa Machi, ambapo Ulaya na sisi hatuendi pamoja. Dada yangu yuko Hamburg. Wiki hizo simu zetu hupishana kila mara.

---

FundiMitambo_TZ

Nimehakiki kwa tarehe 3, ni kweli. New York 12:00. Mama wa Toronto yuko sahihi.

---

MzeeWaMawimbi

Naona hesabu sasa imekaa. Niseme jambo la sikio, maana tangazo la redio linasikilizwa, halisomwi.

Rasimu yako inataja saa mara nane. Msikilizaji aliye jikoni hawezi kushika hata tatu. Anasikia "saa kumi na mbili", hajui ilikuwa ya nani. Sisi tulikuwa tunataja saa ya nyumbani mwanzoni, kisha mahali pasipozidi vitatu, kisha saa ya nyumbani tena mwishoni. Matoleo yalikuwa mawili au matatu. Asubuhi inarushwa ya Afrika, mchana ya Ghuba na Ulaya, usiku ya Amerika. Mji unatangulia, saa inafuata, ili sikio la mtu wa Maskati lizinduke kabla saa haijatajwa. Umeandika hivyo tayari, usibadilishe.

Jambo jingine. Siku yenyewe ya kipindi tulikuwa na tangazo lisilotaja saa kabisa. Linasema kipindi kimebakiza muda gani. Hilo halijali msikilizaji yuko wapi, anahesabu kama Mfaransa au kama sisi, amerudisha saa au hajarudisha. Lakini usiseme "kipindi kitaanza baada ya saa moja". Kwa Kiswahili saa moja ni muda na pia ni saa moja jioni. Mtu wa Tanga atadhani unasema baada ya saa moja usiku, yaani wakati wowote kuanzia hapo. "Baada ya saa mbili" ni mbaya zaidi, kwa sababu kipindi chako chenyewe ni saa mbili. Sema "zimebaki dakika sitini". Dakika sitini hazina maana ya pili.

Na tangazo hilo lisomwe na mtu akiwa hewani. Likirekodiwa, siku moja litarushwa na mashine likiwa limechelewa dakika ishirini, na litakuwa linadanganya.

---

FundiMitambo_TZ

Nikiongezea kwa mzee, mkondo wa mtandaoni unachelewa. Kwenye redio niliyohudumia mimi, simu ilikuwa nyuma ya studio kwa nusu dakika hadi dakika nzima, inategemea programu ya msikilizaji. Kwa dakika sitini hilo halina neno. Lakini msihesabu "kumi, tisa, nane" mkidhani wa mtandaoni yuko nanyi. Na anayepiga simu azime redio yake kwanza, la sivyo atajisikia akiongea yale aliyoyasema kitambo na atanyamaza kusubiri.

---

Mwanapangani

Hilo la kunyamaza lilitupata jana mara mbili, tukadhani laini imekatika. Tukawakata.

Mzee wangu, nakushukuru. Hivi ndivyo nitakavyofanya. Matoleo matatu, kila moja na saa ya Afrika Mashariki mbele na nyuma. Siku ya kipindi, saa moja jioni, nitaingia hewani mwenyewe na kusema zimebaki dakika sitini, kisha thelathini, kisha kumi.

Kwa Kongo nimefikiria kusema hivi: "Lubumbashi, jioni, giza likishaingia, saa kumi na tisa za huko." Papa, ingekufaa?

---

Papa_Kenya_Lushi

Inanifaa. Giza likishaingia, ndiyo, mwezi huu saa hiyo limekwisha kuingia.

---

MwalimuBuja

Mimi nina wasiwasi kidogo. Saa kumi na tisa "za huko" inaweza kumfanya mtu wa Uvira adhani Lubumbashi ina saa yake peke yake, wakati Uvira na Lubumbashi ni saa ile ile. Ningesema "mashariki mwa Kongo, saa moja jioni, yaani saa kumi na tisa". Neno "jioni" linaondoa usiku wa manane.

---

Papa_Kenya_Lushi

Saa moja jioni kwetu haipo, mwalimu. Saa moja ni ya usiku wa manane au ya mchana kisha kula. Mtu atasikia "saa moja" na kuacha kusikiliza hapo hapo. Weka kumi na tisa mbele.

---

NipoLeeds

Kwa nini msiseme "dakika sitini nyuma ya Tanga"?

---

MzeeWaMawimbi

Tulijaribu zamani. Nusu ya watu wakisikia "nyuma" wanadhani kipindi kinaanza baadaye kwao, nusu wanadhani mapema. Nilikuwa naona barua zenyewe.

---

Mwanapangani (Jumatatu, 4 Novemba 2024)

Wakuu, nimerudi na taarifa ya jana.

Simu ya kwanza ilitoka Leeds, dakika ya pili, na sauti ilikuwa safi. Maskati walikuwepo. Ummu Salim, mama aliongea dakika nne juu ya jina la kijiji chao cha Pemba, na fundi wetu hakutaka kumkatiza. Binti wa Doha nilimpigia saa mbili kasoro dakika tano, akamtaja mjomba wake. Toronto walikuja saa sita mchana yao.

Lubumbashi nilitumia maneno ya Papa, nikaweka kumi na tisa mbele: "Lubumbashi na mashariki mwa Kongo, saa kumi na tisa, yaani saa moja jioni kwa hesabu yetu." Papa alipiga, na wengine wawili wa Lubumbashi. Ila leo asubuhi nimepata ujumbe wa mama mmoja wa Bukavu. Anasema alisikia zikitajwa saa mbili tofauti mfululizo akadhani vipindi ni viwili, kimoja cha saa kumi na tisa na kingine cha saa moja, akaamua kusubiri cha pili.

Na msikilizaji wetu wa Korogwe ameuliza saa kumi na tisa ni saa ngapi.

Tangazo lijalo ni la Desemba, hakuna nchi kati ya hizi itakayogusa saa zake mwezi huo. Kwa hiyo muda wa kulitafutia Kongo maneno upo. Wa Goma, Bukavu, Kisangani na Kalemie mliomo humu, naomba mniandikie hapa: mkimwalika mtu nyumbani kwa chakula cha usiku, saa mnaitamkaje?